YAH: ONYO LA MWISHO LA MAANDISHI KUHUSU KUCHELEWA KAZINI

Tarehe: 20 Machi 2025

Kwa: Karani wa Ghala, zamu ya asubuhi, Dar es Salaam

Ndugu,

Zamu yako huanza saa 1:30 asubuhi. Daftari la mahudhurio linaonyesha uliingia saa 2:10 tarehe 3 Machi, saa 2:25 tarehe 7, na saa 2:40 tarehe 18. Siku hiyo ya mwisho lori la mzigo lilisubiri getini kwa kuwa ufunguo wa ghala ulikuwa nao wewe. Hukutoa taarifa kwa msimamizi wako hata mara moja, ingawa ulipewa onyo la mdomo tarehe 10 Februari.

Hili ni onyo la mwisho la maandishi. Litadumu miezi 6, hadi 20 Septemba 2025, na nakala itawekwa kwenye jalada lako. Ukichelewa tena ndani ya muda huo bila sababu ya msingi, utaitwa kwenye kikao cha nidhamu, ambacho kinaweza kuamua uachishwe kazi. Barua hii haikuachishi kazi. Kikaoni utasikilizwa, na unaweza kuja na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Usiporidhika, kata rufaa kwa maandishi kabla ya 27 Machi. Kama usafiri au ugonjwa nyumbani ndiyo chanzo, tafadhali tueleze mapema. Tunaweza kuzungumzia kubadilisha zamu.

Sahihi yako inathibitisha kupokea barua, si kukubali kosa.

Meneja Rasilimali Watu

Tafsiri kamili ya barua ya Kiingereza iliyoambatishwa.