Mshale Uliopotea: Gharika ya Tumbainot kati ya Usomaji wa Kiishara na wa Kimuundo

Mwaka 1904 Moritz Merker, afisa wa jeshi la Kijerumani aliyekaa miongoni mwa Wamaasai, alichapisha kitabu chenye kisasili chao cha gharika, kisa cha Tumbainot, kinachofanana mno na kisa cha Nuhu. Kwa sababu ya mfanano huo wengi wamekitilia shaka. Merker mwenyewe aliamini kuwa Wamaasai wana asili ya Kisemiti, kwa hiyo alikuwa na hamu ya kukipata kisa cha namna hii. Nadai hapa kwamba tofauti ndogo za kisa hiki zina uzito kuliko mfanano wake, na kwamba usomaji wa kimuundo, unaotazama jinsi sehemu za kisa zinavyopangwa na kupingana, unaziona vizuri zaidi kuliko usomaji wa kiishara, unaotafuta maana ya kila picha peke yake.

Tumbainot alikuwa mtu mwema, mume wa Naipande. Ndugu yake alipofariki, alimrithi mjane wake. Siku moja mjane huyo alimnyima mumewe maziwa ya jioni. Kwa ugomvi huo mjane akaishia kukaa kwenye boma lake peke yake, lililozungushiwa ua wa miiba kuzuia wanyama wakali. Kila mke alizaa wana watatu. Baadaye mtu aitwaye Nambija akampiga mwenzake Suage kichwani na kumuua, na Mungu akaamua kuwaangamiza wanadamu. Tumbainot akaagizwa kuunda safina, akaingia na wake zake, wanawe, wakwe zake na wanyama. Mvua ilipokoma alimtuma njiwa, naye akarudi amechoka: hakupata pa kutua. Siku kadhaa baadaye akamtuma tumbusi akiwa amefungiwa mshale kwenye unyoya wa mkia. Jioni tumbusi alirudi bila mshale. Maana yake alitua kwenye mzoga, mshale ukanasa. Maji yalipopungua wakaona pinde nne za mvua, moja kila upande wa mbingu.

Kwa upande wa kiishara, mwanahistoria wa dini Mircea Eliade, katika kazi yake ya 1949 kuhusu dini, anayachukulia maji kuwa hali isiyo na umbo: kuzama ni kurudi kabla ya uumbaji, kuibuka ni kuzaliwa upya. Usomaji huu unaifaa gharika ya Tumbainot. Tatizo ni kwamba unazifaa gharika zote kwa kiwango kilekile. Mtaalamu wa fasihi simulizi Alan Dundes, aliyeona ndani ya gharika tamaa ya wanaume kuumba kama wanawake, anatufikisha kwenye safina, lakini naye hana la kusema kuhusu mshale. Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski, aliyekiona kisasili kuwa hati ya kuhalalisha desturi, angesimama kwenye kumrithi mjane. Hilo ni jambo la maana, ila linaishia kabla mvua haijaanza.

Claude Lévi-Strauss, mwanaanthropolojia aliyeongoza usomaji wa kimuundo wa visasili, katika insha yake ya 1955, alieleza kwa nini walaji mizoga hupewa nafasi ya pekee katika visasili vya Amerika: wanakula nyama kama wawindaji, lakini hawaui, kama wakulima. Tumbusi yuko katikati hivyohivyo. Na anabeba mshale, silaha ya kuua, bila kuua chochote. Anautupa juu ya kilichokwisha kufa. Kisa kilichoanza kwa pigo la kichwani kinafungwa na silaha inayopotea. Nakubali kuwa uhusiano huu wa Nambija na mshale ni wangu, wala Merker hausemi.

Linganisha sasa ndege. Katika Utenzi wa Gilgamesh wa Babeli ya kale, Utnapishtim, aliyenusurika gharika huko, anatuma njiwa, mbayuwayu, kisha kunguru. Kunguru anakula na harudi. Katika kitabu cha Mwanzo kunguru anatangulia na haleti habari. Njiwa ndiye anayeleta jani la mzeituni. Wamaasai wanafuata mpangilio wa Babeli, mlaji mizoga akiwa wa mwisho, lakini wanamrudisha. Ni nini basi kinachoonyesha kuwa maji yamepungua? Kwa Babeli ndege hayupo. Kwenye Mwanzo kitu kimeongezeka. Kwa Tumbainot ndege yupo, kitu kimepungua. Hizo ni nafasi tatu tofauti katika mfumo mmoja. Tena jani ni la mti na mzoga ni wa mnyama, jambo lisiloshangaza kwa wafugaji walioudharau ukulima.

Jozi ya ndani na nje nayo inajirudia: boma la miiba dhidi ya wanyama wakali, kisha safina dhidi ya maji. Ugomvi wa maziwa, ambao ungeonekana porojo za nyumbani, unatoa umbo ambalo gharika italikuza baadaye.

Je, hili linathibitisha kwamba kisa hakikutoka kwa wamisionari? Hapana. Njiwa na upinde wa mvua vingeweza kupita njia hiyo, hasa kwa kuwa tunamsoma Tumbainot kupitia Kijerumani cha Merker. Mshale kwenye mkia wa tumbusi haumo katika Mwanzo wala katika Gilgamesh. Hata kama kisa kiliazimwa, aliyekiazima alikipanga upya kwa mantiki yake.