Barua ya daktari wa magonjwa ya akili kwa Mahakama kuhusu shahidi mtoto

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga (Bombo),
Kitengo cha Afya ya Akili,
Tanga.
12 Machi 2025

Hakimu Mkazi Mfawidhi,
Mahakama ya Hakimu Mkazi,
Tanga.

Mheshimiwa,

YAH: MAONI YA KITABIBU KUHUSU MSAADA KWA MTOTO M., MIAKA 9, ATAKAPOTOA USHAHIDI TAREHE 15 APRILI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa hati yake ya tarehe 24 Februari 2025, Mahakama yako iliniomba nieleze hali ya mtoto huyu, ambaye ni shahidi wa upande wa mashtaka katika shauri linalomkabili baba yake wa kambo kwa kosa la kumjeruhi mama mzazi wa mtoto kwa panga, nyumbani kwao Pongwe. Ninamtibu mtoto huyu kliniki, na nimezungumza pia na mama yake mdogo anayeishi naye, na mwalimu wake wa darasa, na afisa ustawi wa jamii. Sitoi maoni yoyote kuhusu ukweli wa tuhuma wala kuaminika kwa ushahidi wa mtoto, kwa kuwa hayo ni ya Mahakama peke yake. Sina pingamizi barua hii ikitolewa kwa pande zote mbili.

Mtoto ana maradhi ya akili yanayotokana na kiwewe. Usiku hushtuka usingizini, hukwepa chumba chochote ambamo mlango umefungwa nyuma yake, na tukio lile humrudia kana kwamba linatokea wakati huohuo. Ana kigugumizi tangu utotoni, nacho huzidi akiogopa. Isitoshe, alilelewa na bibi yake Lushoto hadi alipokaribia kuanza shule, hivyo hofu inapomzidi maneno ya Kiswahili humpotea na hurudia Kisambaa. Uwezo wake wa kuelewa mambo ni timamu, na masomo yake yalikuwa ya kawaida kabla ya tukio.

Jambo ambalo naiomba Mahakama ilizingatie kuliko yote ni kuganda kwake. Akisikia sauti ya mwanamume iliyopandishwa, mtoto huyu hunyamaza ghafla, macho hutazama mahali pamoja, na mikono hupoa. Hali hiyo huweza kuchukua dakika kadhaa, na akiwa ndani yake hasikii vizuri anachoulizwa. Kwa asiyemjua huonekana kama mkaidi, au kama mtoto aliyefundishwa la kusema na sasa amesahau, ilhali ni mwili unaojikinga na hatari ambao haujatambua kwamba hatari imekwisha. Ukimya wa namna hiyo usihesabiwe kuwa jibu, na swali lisikazwe juu yake. Likikazwa, ataganda zaidi, au atasema neno lolote alilodhani muulizaji analitaka ili aachwe.

Ni kwa sababu hiyo nina wasiwasi mkubwa na taarifa niliyopewa kwamba mshtakiwa hana wakili, na kwa hiyo huenda yeye mwenyewe akamhoji mtoto. Haki yake ya kuhoji siigusi. Ninachosema kama tabibu ni kwamba sauti ya mtu huyo mahususi ndiyo kichocheo kikuu cha kuganda nilikokueleza, na mtoto akiganda mshtakiwa naye hatapata majibu ya maswali yake. Napendekeza, kwa kadiri sheria inavyoruhusu, mshtakiwa aeleze maswali yake kwa Mahakama pasipo mtoto kuwapo, nawe Mheshimiwa umsomee mtoto kwa sauti ya utulivu. Pazia liwekwe kati yao kwa namna ambayo mshtakiwa anasikia kila kitu na Mahakama inamwona mtoto. Pazia peke yake halitoshi, maana lazuia macho tu.

Kuhusu ahadi ya kusema kweli, ambayo Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, yamruhusu mtoto wa umri huu kuitoa badala ya kiapo, naamini anaielewa. Nilipomwuliza uongo ni nini, alinijibu, "Nikisema shati lako ni jekundu na kumbe ni jeupe, huo ni uongo." Maswali ya mifano ya aina hiyo atayajibu vizuri kuliko akitakiwa kueleza maana ya ukweli.

Maswali yawe mafupi, yenye jambo moja kwa kila swali. Swali kama "Hukumwona mama akianguka kabla hujatoka nje, si ndiyo?" lina mambo matatu ndani yake pamoja na ukanushi, na mtoto wa miaka 9 akijibu "ndiyo" hakuna atakayejua amekubali lipi. Ni heri aanze kwa kuambiwa asimulie alichokiona, aachwe amalize hata kigugumizi kikimchelewesha, na asimaliziwe neno. Aambiwe mapema kwamba "sijui" na "sikumbuki" ni majibu halali. Swali likirudiwa, aelezwe kwamba limerudiwa kwa kuwa halikusikika vizuri, kwani watoto wengi wakiulizwa tena hudhani jibu la kwanza lilikuwa kosa na hulibadilisha. Saa na tarehe hawezi kuzitaja kwa uhakika. Muda aulizwe kwa mambo anayoyajua, kama vile adhana ya magharibi au kurudi kutoka shule. Mtu aliyepitia kiwewe aweza kukumbuka wazi kiini cha tukio na akachanganya mpangilio wa mambo ya pembeni, na hilo pekee halionyeshi kwamba anadanganya wala kwamba anasema kweli.

Mtu wa kukaa karibu naye awe mama yake mdogo. Bibi yake, ingawa ndiye anayempenda zaidi, naye ni shahidi, na haitafaa asikie ushahidi wa mjukuu wake kabla hajatoa wake. Mama mdogo asimnong'oneze wala kumtolea ishara yoyote. Kumshika mkono kwatosha. Mkalimani wa Kisambaa awepo, asiwe ndugu wa upande wowote.

Siku hiyo mtoto asikilizwe asubuhi akiwa amekula, mahali ambapo hakuna wasikilizaji wengine, akae kwenye kiti cha kawaida na mlango aweze kuuona. Kila baada ya dakika 20 apumzike, na mapema zaidi akiinua kadi ya njano tuliyokubaliana naye. Akiganda, apewe maji, atajiwe jina lake na mahali alipo, kisha asubiriwe. Apitishwe mlango wa nyuma baada ya karandinga kutoka Gereza la Maweni kuwa limekwisha kushusha mahabusu, na asingoje kwenye veranda moja na ndugu wa mshtakiwa. Sitampa dawa ya kumtuliza siku hiyo, kwa sababu ingemletea usingizi na kumzubaisha.

Naomba pia kwa moyo wote shauri lisiahirishwe akiwa amekwisha kufika mahakamani. Kila ahirisho humrudishia majuma ya kukosa usingizi, na mama yake mdogo ameniambia kwamba tangu mtoto alipotajiwa tarehe ya kwanza ameanza tena kukojoa kitandani. Kukiwa na uwezekano wa kuahirisha, tujulishwe siku iliyotangulia. Kabla ya tarehe 15 Aprili, afisa ustawi wa jamii yuko tayari kumleta aone chumba kikiwa kitupu. Hapo hatazungumziwa tukio, kama ambavyo mimi mwenyewe katika matibabu sijamfanyisha mazoezi ya ushahidi.

Niko tayari kufika mbele ya Mahakama na kuhojiwa na upande wowote juu ya niliyoyaandika, na siku ya ushahidi nitakuwa kliniki nikisubiri kuitwa. Baada ya kumaliza kutoa ushahidi, mtoto aletwe kwangu alasiri hiyohiyo.

Nawasilisha.

Dkt. Zuhura Mbwana
Daktari Bingwa wa Magonjwa ya Akili