Jibu: Kuhesabu stoki Kakamega na Busia kufikia Ijumaa tarehe 7

Kwa: Meneja wa Kanda ya Magharibi
Nakala: Msimamizi wa stoo, Kisumu
Jumanne, 4 Machi 2025

Habari ya asubuhi, Madam.

Msimamizi wa stoo amenitumia skrinishoti ya ujumbe uliomwandikia jana usiku. Nimeunakili hapa ili sote tuwe tunazungumzia jambo moja:

"Mwambie mhasibu ahesabu stoki Kakamega Alhamisi na Busia Ijumaa. Ripoti ya tofauti niipate Ijumaa jioni, makao makuu wanaisubiri. Hesabu za matawi anazijua, haitamchukua muda."

Asante kwa kuniamini na matawi hayo. Naelewa pia kwamba makao makuu hawawezi kufunga vitabu vya Februari bila idadi hizo. Hata hivyo, kwa wiki hii nalazimika kusema sitaweza. Nimekaa na kalenda tangu saa mbili nikitafuta nafasi, na hesabu ni hii.

Kuanzia leo hadi Ijumaa nina saa 32 za kazi, na Jumamosi hadi saa saba mchana zinaongezeka 5. Jumla 37. Mishahara ya Februari na makato yake inahitaji saa 11, kulinganisha tili tatu za M-Pesa na benki saa 9, ankara 41 za wauzaji saa 10. Meza ya wadeni ninayomshikia mwenzetu aliye kwenye likizo ya uzazi inachukua saa 2 kila siku, yaani 10. Hizo ni saa 40. Tayari nimezidi kwa 3, nami nimezifidia kwa kusogeza hadi Jumatatu ankara 13 ambazo malipo yake hayaivi kabla ya tarehe 15. Safari za Kakamega na Busia, kuhesabu, na ripoti ya tofauti ni saa 23 kwa makadirio ya chini.

Kazi ambayo siwezi kabisa kuisogeza ni ya mishahara. Tarehe 9 mwezi huu ni Jumapili, na PAYE, NSSF na SHIF zote zinaishia siku hiyo. Kodi yetu inazidi shilingi 250,000, kiwango cha juu cha muamala mmoja wa M-Pesa, kwa hiyo lazima ipitie benki, na kwetu hiyo maana yake ni Ijumaa. Fomu ya P10 ikichelewa, faini ni asilimia 25 ya kodi inayodaiwa au shilingi 10,000, ile iliyo kubwa. Malipo nayo yakichelewa kuna asilimia 5 juu yake, mbali na riba.

Februari hii pia si mwezi wa kunakili jedwali la Januari na kubadilisha tarehe. Viwango vya NSSF vimepanda: kikomo cha chini kimetoka 7,000 hadi 8,000, na cha juu kimetoka 36,000 hadi 72,000. Mfanyakazi wa 40,000 aliyekuwa akikatwa 2,160 sasa anakatwa 2,400. Wa 80,000 ametoka 2,160 hadi 4,320, na kampuni inamlipia kiasi hicho hicho. Tena tangu mwisho wa Desemba, SHIF na ada ya nyumba nazo, kama NSSF, huondolewa kwenye mshahara kabla ya kupiga PAYE. Kwa hiyo NSSF ikikosewa, kodi nayo inakosewa, na kosa linajirudia kwenye mistari yote 64. Nalipitia jedwali jina kwa jina, kwa sababu PIN moja yenye herufi isiyo sahihi inatosha kuzuia faili lote lisikubaliwe kwenye iTax.

Kuhusu muda wa kuhesabu, naomba niseme kwa heshima kwamba ni kazi ndefu kuliko inavyoonekana ukiwa ofisini. Saruji na mabati huhesabika haraka. Kinachokula siku ni nondo za vipimo vinavyofanana zilizochanganywa kwenye rundo moja, misumari ya katoni zilizofunguliwa ambayo lazima ipimwe kwa kilo, na rangi zilizopangwa nyuma ya nyingine. Inahitaji watu wawili, mmoja akihesabu na mwingine akiandika, na tawi lisitoe wala kupokea mzigo kazi ikiendelea. Alhamisi na Ijumaa matawi yote mawili yanauza, kwa hiyo tofauti nyingi tutakazopata zitakuwa za lori lililopakiwa katikati ya hesabu, tuanze tena kuzifukuza.

Kuna jambo jingine ambalo wakaguzi wataliuliza hata kama ningekuwa na nafasi. Mimi ndiye ninayetayarisha malipo ya wauzaji wa bidhaa hizo hizo. Nikizihesabu pia mwenyewe, nitakuwa najikagua.

Pendekezo langu ni kuhesabu Jumamosi tarehe 8 alasiri, matawi yakishafunga saa saba. Msimamizi wa Kakamega aende Busia na wa Busia aje Kakamega, kila mmoja asaidiwe na karani wa tawi alilokwenda. Asihesabu mtu stoo yake. Mimi nitabaki Ijumaa jioni saa moja zaidi niwaandalie karatasi zenye majina ya bidhaa na vipimo, bila idadi ya kompyuta, maana mtu akishaiona ile idadi huitafuta mpaka aipate. Kabla ya kuanza waandike namba ya mwisho ya ankara ya mauzo na ya hati ya kupokea mzigo. Kwa namba hizo nitarudi nyuma hadi tarehe 28 Februari: nitarudisha kilichouzwa tangu siku hiyo na kuondoa kilichopokelewa. Karatasi zikinifikia Jumatatu asubuhi, ripoti utaipata Jumanne tarehe 11 kabla ya saa kumi jioni.

Ukiona ni bora niende mwenyewe licha ya hilo la wakaguzi, naweza kwenda Kakamega Alhamisi tarehe 13 na Busia Ijumaa tarehe 14.

Na kama makao makuu hawatakubali siku nyingine isipokuwa Ijumaa hii, naomba uniamulie kazi za kuweka kando. Ili kupata saa 23, itabidi niache ulinganishaji wa M-Pesa (9) na ankara 28 zilizobaki (7), na mtu mwingine ashike meza ya wadeni kuanzia kesho hadi Jumamosi (8). Hapo zinapatikana 24. Gharama yake ni kwamba muuzaji wa saruji, ambaye ankara zake zinaiva Alhamisi, anaweza kuzuia mzigo wa wiki ijayo. Uamuzi huo ni wako, nami nitaufuata, ila naomba uwe kwa maandishi ili wauzaji wakipiga simu niwe na la kuwajibu.

Naomba jibu kabla ya saa sita mchana kesho Jumatano, ili wasimamizi wa matawi wapate kupanga Jumamosi yao. Ikikufaa, naweza kumwandikia mhasibu mkuu leo kumweleza kwa nini ripoti itafika Jumanne, nikuonyeshe kwanza kabla ya kuituma. Nimeambatisha jedwali la saa zangu za wiki hii pamoja na orodha ya ankara 13 nilizosogeza, endapo kuna ambayo ungependa irudi mbele.

Wako mtiifu,
Mhasibu, ofisi ya Kisumu