Tenga la Mwisho

Tangu amalize darasa la saba, Mama Salma hakuwahi kushika daftari lisilo la madeni. Sasa, akiwa na miaka 52, alikaa nyuma ya matenga yake ya nyanya pale soko la Mabibo, akikariri alama za barabarani. Pembetatu, tahadhari. Duara jekundu, katazo. Pembe nane, simama.

Mara mbili alikuwa amefeli. Ya kwanza alichanganya alama. Ya pili gari lilimzimikia mlimani, likarudi nyuma, mikono ikamtetemeka mpaka akashindwa kuliwasha tena. Usiku ule alilia. Asubuhi akamlipa mwenye kirikuu nauli ya mzigo kama kawaida, na nauli ile ndiyo iliyomrudisha darasani.

Siku ya tatu ya mtihani, trafiki alimuuliza, "Mama, kwenye kipilefti unampisha nani?"

"Aliyeko kulia kwangu, afande. Nasubiri apite, ndipo naingia."

Kisha mlima. Akavuta hendibreki, akaachia klachi polepole hadi akasikia gari linatetemeka chini ya nyayo zake, akakanyaga mafuta, akashusha hendibreki. Gari likapanda.

"Umepita, mama. Hongera."

Alirudi sokoni kwa daladala, kimya. Salma alikuwa anapanga mafungu.

"Vipi, mama?"

Hakujibu. Alichukua daftari la alama, akalifuta vumbi kwa ncha ya khanga, akamkabidhi binti yake.

"Anza na pembetatu," akasema.