Sababu Kwanza, Tarakimu Baadaye

Hamjambo, wanahisabati. Mwalimu mlezi, asante kwa kunivumilia. Foleni ya Barabara ya Thika mnaijua.

Tazameni ubaoni: Sudoku ndogo, fumbo la tarakimu la 4 kwa 4, ambapo 1 hadi 4 hazirudiwi katika safu wala safu wima. Safu ya juu ina 1, wazi, wazi, 4. Zimebaki 2 na 3. Huko nyuma nasikia, "Jaribu tu!" Hapana, ndugu yangu. Shuka na safu wima ya pili: 3 iko chini tayari. Basi juu pale ni 2, na jirani yake ni 3. Ukiulizwa sababu, unayo.

Anayebahatisha hukosea hatua ya tano, kosa likajitokeza mwishoni, asijue afute wapi. Mwenye sababu hurudi akizikagua moja moja, vilevile tunavyokagua uthibitisho wa jiometri.

Mwaka 2012, Gary McGuire na wenzake wa Dublin walionyesha kwa kompyuta kwamba Sudoku ya 9 kwa 9 yenye jibu moja tu haiwezi kuanza na tarakimu 16, angalau 17. Hawakujaribu chache wakachoka. Walihakikisha hakuna hata moja.

Haya, karatasi hizi hapa. Kabla ya kuandika tarakimu, mwambie jirani sababu. Na penseli wekeni mkobani, leo ni kalamu ya wino.