Za kubandika juu ya meza yako, dogo

Bandika kwa seloteipu, misumari hapana, mwenye nyumba unamjua. Hesabu iwe usawa wa macho, zingine popote.

HESABU
MAGAZIJUTO kwanza, hasira baadae.
Gawanya na zidisha ni mapacha, anza na aliyetangulia kushoto: 24 ÷ 4 × 2 = 12, ukipata 3 umempendelea mmoja.
Ukiona x² tulia, andika x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a, halafu angalia alama ya b, maana kwenye x² − 5x + 6 = 0 hiyo −b inakuwa 5 chanya na hapo ndo watu wanamwaga maksi kila mwaka. Jibu 3 na 2. Onyesha njia, jibu tupu linanukia kudesa.

FIZIKIA
500 nini? Andika yuniti!
Mizani ya soko la Tandika inakupa kilo, hiyo ni masi. Uzito ni W = mg, kwa hiyo kilo 50 ukitumia g = 10 ni nyutoni 500.

KEMIA
Balansi kwa namba za mbele tu: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Vinamba vya chini usiviguse kabisa, H₂O unakunywa, H₂O₂ wanaoshea vidonda.
Moli = gramu ÷ masi ya moli moja. Maji gramu 36 ÷ 18 = moli 2.
Bureti isome jicho likiwa usawa wa maji, pale kwenye kitako cha ule mpindo. Sio umesimama unachungulia kwa juu kama unaangalia ugali umeiva.

BAIOLOJIA
Penseli kali, mstari mmoja, kivuli marufuku.
Ateri inatoa damu moyoni, vena inarudisha. Usikariri eti ateri = damu yenye oksijeni nyingi, ile inayokwenda mapafuni haina nyingi na ndo swali wanalolipenda.

JIOGRAFIA
1:50,000 → sentimita 2 za ramani ni kilomita 1 ya ardhini. Mto una kona, pima kwa uzi.

HISTORIA
Mwaka bila sababu haulipi.
Maji Maji 1905–1907: pamba ya lazima, kodi, kazi za shuruti. Ukishindwa kutaja hizo tatu huo mwaka wenyewe ufute tu.

KIINGEREZA
Anayetenda mmoja, wakati uliopo, sio mimi wala wewe: kitenzi kinavaa s.
Ukurasa mmoja kwa sauti kila usiku, wakicheka waache wacheke.

KISWAHILI
Gari LANGU. Magari YANGU. Ya kijiweni yabaki kijiweni.

BUKUKIPINGI
Kila debiti ina krediti yake.
Urari ukigoma usifute chochote kwanza, chukua tofauti. Ikigawanyika kwa 2, tafuta hiyo nusu, huenda umeiweka upande sio. Ikigawanyika kwa 9, angalia kama umegeuza tarakimu, 54 ukaandika 45. Zote zikikataa, jumlisha upya kuanzia chini kwenda juu.