Mayai viza kwenye trei: swali la uwezekano

Swali. Kijana anayekaanga roleksi karibu na mpaka wa Busia amebakiwa na mayai 10 kwenye trei. Kati yake 3 ni viza, naye hajui ni yapi. Mteja anaagiza roleksi ya mayai mawili. Kijana anachukua mayai hayo bila kuchagua, moja baada ya jingine, na kuvunja kila moja kwenye kikombe chake. Kuna uwezekano gani kwamba yote mawili ni mazuri?

Wanafunzi wangu, wengi wenu mliandika hivi:

7/10 × 7/10 = 49/100

Jibu hili si sahihi, lakini naelewa lilikotoka. Mlichukulia kwamba matukio haya mawili ni huru, yaani la kwanza haliligusi la pili. Turudi kwenye trei. Yai la kwanza likiwa zuri, limekwisha kuvunjwa. Trei sasa ina mayai 9, mazuri ni 6. Kwa hiyo:

7/10 × 6/9 = 42/90 = 7/15

Hiyo ni kama 0.467, si 0.49. Anayependa kuhakiki ahesabu jozi: mayai 10 yanatoa jozi 45, na mayai mazuri 7 yanatoa jozi 21. 21/45 ni 7/15 ileile.

Kuna mmoja wenu aliyenifuata baada ya kipindi na hoja nzuri sana, nami nataka kila mtu aisikie. Alisema: “Mwalimu, kama sijaona yai la kwanza, la pili nalo lina uwezekano wa 7/10 wa kuwa zuri. Sasa kwa nini nisizidishe?” Amesema kweli. Hesabuni njia zote mbili, la kwanza likiwa zuri na likiwa viza:

7/10 × 6/9 + 3/10 × 7/9 = 63/90 = 7/10

Kosa limejificha hapo hasa. Kila yai peke yake lina 7/10, lakini hilo halitoshi kuturuhusu kuzidisha 7/10 kwa 7/10. Tunapozidisha, namba ya pili lazima iwe uwezekano wa yai la pili kuwa zuri *ikiwa tayari tunajua la kwanza lilikuwa zuri*. Huo ni 6/9. Lingekuwa viza, ungekuwa 7/9. Namba hizo mbili zikitofautiana, matukio si huru.

Mtalitambuaje kosa hili kwenye mtihani, ambapo hakuna wa kuwanong'oneza? Mimi husukuma swali hadi mwisho wake. Tuseme kijana anavunja mayai 4: kuna uwezekano gani yote yawe viza? Kwa njia ya 49/100 mtapata 3/10 mara nne, yaani 0.0081. Lakini viza ni 3 tu! La nne litatoka wapi? Njia sahihi inajisahihisha yenyewe:

3/10 × 2/9 × 1/8 × 0/7 = 0

Njia inayozalisha yai ambalo halipo kwenye trei haifai hata kwa mayai mawili.

Msisubiri pia kusoma maneno “bila kurudisha”. Mara nyingi hayaandikwi. Yai lililovunjwa halirudi kwenye ganda, mtu aliyekwisha kuchaguliwa kwenye kamati hachaguliwi tena, na “kuchota mawili kwa mpigo” ni bila kurudisha vilevile. Jiulizeni kilichochukuliwa kiko wapi sasa. Sarafu na dadu ni habari nyingine, kwa sababu kurusha mara moja hakupunguzi kitu.

Ukubwa wa fungu nao una uzito wake. Lori lenye mayai 10,000, viza 3,000, lingetupa 7000/10000 × 6999/9999, ambayo ni karibu 0.48998. Hapo 0.49 ni makadirio mazuri kabisa. Ila kwenye trei ya mayai 10, yai moja ni sehemu ya kumi ya kila kitu, na pengo linaonekana.

Sasa fanyeni hili. Stejini pana madereva 8 wa bodaboda, 5 wamevaa helmeti. Watatu wanaondoka mmoja mmoja bila mpangilio maalumu, na hakuna aliyerudi. Kuna uwezekano gani kwamba wote watatu wamevaa helmeti? Jibu ni 5/28. Ukipata 125/512, umemrudisha stejini mtu ambaye tayari yuko barabarani.